Flashi ya Kuokota na Waya wa Zawadi: Uchomeke au Usichomeke?

Mheshimiwa mwenyekiti, mabibi na mabwana. Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za mchana.

Nimeombwa nijibu swali ambalo watu hunivuta pembeni kuniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaulizia maradhi ya siri: "Nimeokota flashi mahali. Nitajuaje kama ni salama kuichomeka?" Na siku hizi swali hilo limepata mdogo wake: "Nimepewa waya wa kuchajia bure. Nao je?"

Jibu langu nalitoa sasa hivi, ili mwenye haraka asije akaondoka bila kulisikia. Kwa kukitazama kifaa, hujui. Kwa kukichomeka ili ukikague, umeshachelewa. Kinachoweza kujulikana ni kimetoka wapi na kimepitia mikono ya nani, na uamuzi hujengwa juu ya hilo. Muda uliobaki nitautumia kueleza kwa nini ni hivyo, maana mtu aliyekatazwa bila kuelezwa huchomeka pindi tu mkatazaji akigeuka.

Nianze na mwokotaji mwenyewe. Mwaka 2016 watafiti walitoa matokeo ya jaribio lililofanyika Chuo Kikuu cha Illinois, kampasi ya Urbana-Champaign. Walidondosha flashi 297 katika maeneo ya chuo: maegesho ya magari, korido, madarasani na kwingineko. Ndani yake waliweka mafaili yasiyo na madhara, ila kila lilipofunguliwa, watafiti walipata taarifa kupitia intaneti. Asilimia 98 ya flashi hizo ziliokotwa. Asilimia 45 zilichomekwa, na mtu akafungua angalau faili moja. Ya kwanza ilichomekwa kabla dakika sita hazijaisha tangu idondoshwe.

Hapo huwa watu wanacheka. Lakini sikilizeni sehemu ya pili. Walipoulizwa kwa nini walichomeka, asilimia 68 walisema walitaka kumtafuta mwenyewe wamrudishie. Waliosukumwa na udadisi walikuwa asilimia 18. Na zile flashi zilizofungwa lebo yenye mawasiliano ya mwenyewe zilifunguliwa mara chache zaidi, kwa sababu mwokotaji alikuwa na njia nyingine ya kumpata. Maana yake mtego huu haumnasi mtu mwenye tamaa peke yake. Unamnasa zaidi mtu mwema, na mtu mwema hajihisi kwamba yuko hatarini. Ndiyo maana sipendi mabango yanayomchora mwokotaji kama mpumbavu. Mtu akiyaona husema "huyo si mimi," na anasema kweli.

Sasa tuingie ndani ya tundu. Flashi inapochomekwa, kabla hujaona chochote kwenye skrini, kuna mazungumzo mafupi kati ya kompyuta na kifaa. Kompyuta huona kuna kifaa kimeunganishwa, kisha huuliza: wewe ni nani, umetengenezwa na nani, na unafanya kazi gani? Kifaa hujibu kwa namba. Namba 08 maana yake "mimi ni hifadhi ya mafaili." Namba 03 maana yake "mimi ni kifaa cha kutumiwa na mkono wa mtu," yaani kibodi, mausi na jamaa zake. Kompyuta hupokea jibu hilo kama lilivyo, inaita programu inayofaa, na kazi inaanza. Ni kama mlinzi wa lango anayemuuliza mgeni jina lake, akaandika lolote aliloambiwa, kisha akamfungulia.

Kifaa kinaweza kudanganya. Tena kifaa kimoja kinaweza kutoa majibu mawili kwa pamoja, "mimi ni hifadhi na pia ni kibodi," na jambo hilo ni halali kabisa. Kibodi nyingi za kawaida zenye vitufe vya sauti hutoa majibu zaidi ya moja.

Kwa nini basi kompyuta isiulize kwanza, "Je, unaruhusu kibodi hii?" Fikirini kidogo. Kama kibodi yako pekee imeharibika ukanunua mpya, utabonyeza "ndiyo" kwa kutumia nini? Kibodi ilipewa imani tangu mwanzo kwa sababu ndiyo chombo cha mtu kutolea ruhusa. Aliyeshika kibodi ndiye wewe, kwa macho ya kompyuta. Kwa hiyo kifaa kinachojifanya kibodi hakihitaji kuvunja kufuli lolote; kinaandika tu, na kompyuta inatii kama inavyokutii wewe.

Na hapa ndipo antivairasi inapoachwa nje. Antivairasi hukagua mafaili. Kibodi haina mafaili. Ukisema "nitaichomeka halafu nita-skani kwanza," kile unachotaka kukiskani kinaweza kuwa hakimo katika sehemu inayoskanika. Mwaka 2014, kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta wa Black Hat huko Las Vegas, watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha jambo lililowashtua hata watu wa fani. Walichukua flashi za kawaida za dukani, wakabadilisha ile programu ndogo iliyomo ndani ya chipu inayoiendesha flashi, na flashi ikaanza kujitambulisha kama kibodi. Programu hiyo ndogo haikai pamoja na picha na nyaraka zako. Ukifuta mafaili yote, ukafomati flashi mara kumi, yenyewe imetulia palepale. Walikiita kisa hicho BadUSB, na jina limebaki hadi leo.

Niwape tukio moja la kweli nilipitie taratibu, kwa sababu lina kila kitu ninachotaka mkione.

Machi 2020, watafiti wa kampuni ya usalama ya Trustwave walieleza kuhusu barua iliyofika kwa posta kwenye kampuni moja ya Marekani. Barua ilijifanya imetoka Best Buy, duka kubwa la vifaa vya umeme la hukohuko. Ilimshukuru mpokeaji kwa kuwa mteja wa muda mrefu na kumpa zawadi ya dola 50. Orodha ya bidhaa ambazo angeweza kuzichukua kwa fedha hizo, barua ilisema, imo kwenye flashi iliyoambatanishwa. Angalieni ufundi wake. Hakuna aliyeambiwa "fungua faili hili." Ameambiwa tu achomeke kifaa aone orodha. Ombi lenyewe ni dogo kiasi kwamba mtu angeona haya kulikataa.

Aliyeipokea hakuichomeka, akawapa wataalamu. Walipoikagua walikuta chipu ya aina ya ATMEGA32U4, ambayo ndiyo iliyomo kwenye ubao wa Arduino Leonardo, ule ambao wanafunzi hujifunzia elektroniki. Hicho si kifaa cha kutunzia mafaili. Ni kikompyuta kidogo kinachoweza kujifanya kibodi, na bei yake ni ndogo mno. Wala hakuna flashi iliyowahi "kuambukizwa" hapa. Kifaa kilikuwa kibodi tangu kilipotengenezwa, kikavishwa umbo la flashi.

Kikichomekwa, mambo huenda hivi. Kinajitambulisha kuwa kibodi. Kompyuta inakikubali. Kinaanza "kubonyeza" vitufe na kuiandikia kompyuta amri ya PowerShell, chombo ambacho kimo ndani ya Windows na mafundi hukitumia kila siku. Amri hiyo inakwenda kwenye intaneti kuchukua amri nyingine ndefu zaidi. Hiyo ya pili inajipandikiza kwenye kompyuta, kisha inaanza kukusanya taarifa na kuwasiliana na wezi walioituma. Mwishoni mwa hatua hizo linajitokeza dirisha dogo kwenye skrini likidai kwamba flashi ina hitilafu.

Dirisha hilo la uongo ndilo linalonivutia kuliko yote. Fikiria umekaa hapo. Umechomeka, umeona kitu kimewaka na kuzimika, halafu ujumbe: flashi mbovu. Utafanya nini? Utaichomoa, utasonya, utaitupa kwenye pipa la taka, utaendelea na kazi. Hutampigia fundi simu kwa sababu ya flashi mbovu ya bure. Wezi wamekuchagulia maelezo ya kilichotokea, na maelezo hayo yanakufanya usimwambie mtu.

Njia ile haikuishia hapo. Januari 2022 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari kwamba kundi la wahalifu linalojulikana kwa jina la FIN7 lilikuwa likizituma flashi za namna hiyo kwa posta kwenye makampuni, nyingine zikiwa na barua ya shukrani na kadi ya zawadi bandia.

Sasa, mtu ataniuliza: je, hakuna dalili? Zipo, ila karibu zote huonekana baada ya kuchomeka, na ndiyo maana naziita dalili za kukusaidia baadaye, si kinga. Ukichomeka flashi na dirisha jeusi au la bluu likamulika na kutoweka haraka, kitu kimeandikwa. Ukichomeka na hakuna hifadhi mpya inayotokea kwenye orodha ya mafaili, lakini Windows inasema inaandaa kibodi, hilo si jambo la kupuuza. Kasi isikudanganye: kompyuta inaweza kuiuliza kibodi ya USB hadi mara 1,000 kwa sekunde kama kuna kitufe kilichobonyezwa, kwa hiyo amri ya herufi mia tatu huandikwa na kumalizika hujafikisha mkono kwenye mausi.

Kwa wale wanaotumia Linux, amri ya `lsusb -t` huonyesha kila kifaa kimejitambulisha vipi. Flashi ya kweli ya kawaida hutoa mstari wa namna hii:

```
Class=Mass Storage, Driver=usb-storage, 480M
```

Na ile iliyojificha hutoa huu:

```
Class=Human Interface Device, Driver=usbhid, 12M
```

Hata ile namba ya mwisho inasema kitu. 480M ni kasi ya flashi ya kawaida ya USB 2.0, na zile mpya zaidi husoma 5000M au zaidi. 12M ni kasi ya vikompyuta vidogo kama kile cha kwenye barua. Flashi inayokwenda kwa 12M inastahili kutiliwa shaka. Lakini nasisitiza: mstari huo unausoma wakati kifaa kimeshaingia na pengine kimeshaandika. Tena mshambuliaji mwenye subira huweka kifaa kinachojionyesha kuwa hifadhi safi asubuhi, na kuwa kibodi jioni ukiwa umetoka kidogo. Ukikiona safi mara moja, umekiona safi kwa dakika ile tu.

Nisije nikawafanya mdhani hatari ni kibodi tu, na kwamba flashi ambayo ni hifadhi kweli haina neno. Zamani Windows ilikuwa ikiendesha yenyewe programu iliyomo kwenye flashi mara tu inapochomekwa. Mlango huo Microsoft iliufunga, na matoleo ya zamani yalipata rekebisho hilo mwaka 2011. Lakini kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa 2010, kilitumia kasoro nyingine: ilitosha Windows kuonyesha ikoni ya faili la njia ya mkato, basi. Mtumiaji hakubofya kitu. Rekebisho la kasoro ile lilitolewa mwaka huohuo, ila "mimi nitaangalia tu, sitafungua" haikuwa kinga wakati ule, na sioni sababu ya kuiita kinga leo.

Na kuna vifaa visivyojali data kabisa. Kipo kinachojikusanyia umeme kutoka kwenye tundu lako, kikaupandisha hadi zaidi ya volti 200, kisha kikaurudisha kwenye njia za data zilizotengenezwa kwa volti chache tu. Ubao mkuu wa kompyuta huungua. Vingine huwa na kilipuzi ndani: Machi 2023 nchini Ekwado, wanahabari kadhaa walitumiwa flashi kwa posta, na mtangazaji Lenin Artieda aliichomeka yake kwenye kompyuta chumba cha habari, ikalipuka. Aliumia kidogo, kwa bahati. Hilo ni nadra sana na lilimlenga mtu wa kazi maalumu. Nalitaja kwa sababu moja: liliwezekana.

Basi flashi ya kuokota uifanyeje? Ipeleke panapopokelewa vitu vilivyopotea, au kwa mlinzi wa jengo, au kwa watu wa kompyuta wa ofisi kama umeiokota kwenye eneo la ofisi. Mwenyewe akiihitaji ataifuata huko. Umeshatimiza wema wote uliotaka kuutimiza, na huna haja ya kujua kilichomo ndani. Wakati mwingine watu huniambia, "Lakini pengine ni tasnifu ya mtu." Pengine. Na mwenye tasnifu ataanza kuitafuta pale alipoipotezea, si kwenye kompyuta yako.

Wako wanaosema wataichomeka kwenye kompyuta ya zamani. Hapa niwe mkali kidogo. Kompyuta ya zamani iliyounganishwa na waifai ya nyumbani, yenye barua pepe iliyo wazi na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, ni kompyuta yako hiyohiyo ikiwa na masasisho pungufu. Ya kukagulia vitu vya mashaka haina mtandao wowote, haina akaunti ya mtu, haina nyaraka, na ikiungua au ikiharibika humwagi chozi. Kwa wanahabari na mashirika yanayolazimika kupokea flashi kutoka kwa wageni, kituo cha usalama wa kompyuta cha Luksemburgi, CIRCL, kimetengeneza kifaa kiitwacho CIRCLean: unachomeka flashi ya mgeni upande mmoja na yako safi upande mwingine, kinageuza nyaraka kuwa za aina isiyo na hatari na kuzinakili. Kinafaa, na ni bure kukiunda ukiwa na kikompyuta cha Raspberry Pi. Lakini hicho ni chombo cha mwenye kazi ya kupokea flashi, si sababu ya kuziokota.

Tuje kwenye waya. Huku mambo yana sura nyingine, na naona watu wengi wanashauriana kinyume.

Waya wa USB wa kawaida, ule wenye kichwa kipana cha mstatili, una njia nne kuu: mbili za pembeni ni za umeme wa volti 5, na mbili za katikati ni za data. Waya wa kuchaji tu hauna zile mbili za katikati. Kwa hiyo waya ni vyuma na plastiki, na kwa miaka mingi tulidhani mambo yanaishia hapo. Nyaraka za siri za shirika la kijasusi la Marekani, NSA, zilizovuja mwishoni mwa 2013, zilionyesha kwamba kufikia 2008 walikuwa wakiandaa kichwa cha USB chenye redio ndani, kilichoitwa COTTONMOUTH-I, na vipande 50 vilikuwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Mwaka 2019 mtafiti mmoja akaonyesha waya wake alioupa jina la O.MG: kwa macho ni waya wa kawaida wa simu, unachaji, unapitisha data, ila ndani ya kichwa kuna chipu yenye waifai. Aliye karibu huungana nayo na kuiamuru iandike, yaani kibodi ileile ya kwenye barua ya zawadi, safari hii ikiwa ndani ya waya. Leo waya wa namna hiyo huuzwa hadharani kwa wanaopima usalama, na bei yake imeshuka sana kutoka ile ya wapelelezi, ingawa bado ni ghali mara nyingi kuliko waya wa kawaida.

Bei hiyo inafaa kuzingatiwa katika uamuzi. Hakuna atakayegawa waya mia mbili za namna hiyo ukumbini ili ajaribu bahati; atapata hasara. Waya wenye chipu hupelekwa kwa mtu aliyechaguliwa. Kwa hiyo waya uliochukuliwa na kila mtu kutoka kwenye boksi moja una hatari ndogo kuliko waya uliotumwa kwa jina lako, au ulioukuta mezani kwako bila maelezo, au ambao mtu usiyemfahamu vizuri amesisitiza uutumie kwenye kompyuta ya kazi. Kama wewe ni mhasibu unayesaini malipo, mwanahabari, wakili, au fundi mwenye nywila za watu wote, unaweza kuwa huyo aliyechaguliwa. Kama si hivyo, hatari yako ni ndogo, na sitaki mlale macho.

Sasa lile kosa la ushauri. Watu huambiwa: "Waya huna uhakika nao? Uchomeke kwenye chaja ya ukutani, si kwenye kompyuta." Ushauri huo ni mzuri pale unaposhuku tundu. Ukishuku waya, ni nusu ya kinga tu. Chipu iliyomo kwenye waya haihitaji kompyuta upande wa pili. Inahitaji umeme, na chaja ya ukutani inatoa umeme. Ikishaupata, inaweza kuzungumza na simu yako moja kwa moja. Umeiokoa kompyuta, hujaiokoa simu.

Vivyo hivyo kile kiungio kidogo cha kuzuia data, ambacho kinakata zile njia mbili za katikati. Wengi hukichomeka kwenye tundu, kisha waya wao kwenye kiungio. Kikiwa hapo kinakulinda na tundu la mgeni. Lakini kama mwovu ni waya, na chipu imo kwenye kichwa kinachoingia kwenye simu, kiungio kiko nyuma ya mwizi. Mwizi yuko upande wako. Ndiyo maana nasema: safiri na waya wako na chaja yako, na hapo huna cha kukisia.

Simu zenyewe zimejitahidi. Android kwa kawaida huanza kwa kuchaji tu hadi uchague kupitisha data, na iPhone huuliza kama unaiamini kompyuta iliyounganishwa. Swali hilo likitokea wakati unachaji tu, jibu ni hapana, halafu chomoa. Lakini mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, walionyesha chaja bandia inayojifanya kibodi kwanza, kisha inajifanya kompyuta, halafu ikalibonyeza yenyewe lile "ndiyo." Masasisho yaliyofuata yameanza kudai nambari ya siri au alama ya kidole kabla ya kukubali. Kwa hiyo simu iliyosasishwa, na iliyofungwa skrini wakati inachaji, haishambuliki kirahisi. Ukiifungua kuangalia ujumbe huku waya wa mgeni umechomekwa, kinga kubwa umeiondoa mwenyewe.

Je, waya unaweza kupimwa? Kidogo. Kuna mita ndogo za USB zinazoonyesha mkondo wa umeme. Chomeka mita kwenye chaja ya ukutani, chomeka waya wa kichwa cha mstatili kwenye mita, na upande wa pili usiweke chochote. Waya mtupu hauna cha kula, mita inapaswa kusoma sifuri. Ikisoma hata makumi machache ya miliampia, ndani kuna kitu kinakula. Kipimo hiki kinaweza kumshika mwizi, ila hakiwezi kumsafisha mshukiwa: chipu iliyolala inaweza kutumia umeme mdogo kuliko mita ya bei nafuu inavyoweza kuona. Na kuwa na chipu peke yake si kosa. Waya za USB-C zinazobeba ampia 5 huwa na chipu halali inayotangaza uwezo wake, na waya za Lightning za iPhone zina yake pia. Waya mpya kutoka kwa muuzaji unayemjua ni bei ndogo kuliko mita na mchana mzima wa kupima.

Na kama umeshachomeka? Maana najua humu ndani yumo aliyekwisha kufanya hivyo. Chomoa kifaa. Kata mtandao papo hapo, waifai na waya wa mtandao. Usiizime kompyuta wala usianze kufutafuta, kwa sababu ushahidi mwingine hukaa kwenye kumbukumbu ya muda na hupotea ikizimwa. Andika saa ulipochomeka na ulichokiona, hata kama ni dirisha la nusu sekunde. Weka kifaa kwenye bahasha, usikitupe. Mpigie mtu wa kompyuta wa ofisi sasa hivi, si kesho. Kisha, kwa kutumia kifaa kingine ambacho hakikuguswa, badilisha nywila za barua pepe na benki.

Fundi akifika kwenye kompyuta ya Windows, mahali pamoja pa kuangalia mapema ni orodha ya yaliyoandikwa kwenye kisanduku cha Run, kwa sababu vibodi bandia vingi huanzia hapo kwa kubonyeza Windows na R:

```
reg query HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\RunMRU
```

Ukikuta amri inayotaja `powershell` ambayo hukuiandika wewe, lile dirisha la "flashi mbovu" lilikuwa la uongo. Ukikuta orodha tupu kwenye kompyuta ambayo kisanduku hicho hutumika mara kwa mara, pengine kuna aliyefuta nyayo zake, na hapo fundi ahamie kwenye kumbukumbu za matukio za Windows kwa kufuata ile saa uliyoiandika.

Nipo kwa maswali. Ila aliyeleta flashi mfukoni ili nimwangalizie, naomba aiache mlangoni kwenye bahasha.